Fomu ya Nyumba ya Kumi na Nne

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mama yangu husema nililia kabla mkunga hajanigusa. Kwa hiyo mtu asinishangae nikisema kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na minne, kitu kilichonipotezea hamu ya kula hakikuwa mwanamume wala mtihani. Yalikuwa maneno matatu yaliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao: usalama wa chakula.

Aliyeyaandika alikuwa mkubwa wetu wa kazi, mwanauchumi aliyekuwa akifundisha chuo kikuu upande wa Kesses. Sote tulimwita Daktari. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha orofani mjini Eldoret, juu ya duka la Msomali aliyeuza sukari na vitambaa. Chini kulikuwa na malori yakipakuliwa tangu asubuhi, na sakafu ilitetemeka kila gunia lilipoangushwa. Tulikuwa watatu tu: Daktari, mimi niliyeajiriwa kwa miezi minne ya kuuliza maswali, na muuguzi mmoja mstaafu wa hospitali ya misheni, mama mnene mwenye sauti ya chini, tuliyemwita Sista.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kulikuwa na mradi wa kugawa uji wa mahindi, soya na maziwa kwa watoto wadogo katika miezi ile mibaya ya kabla ya mavuno, Juni hadi Septemba, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na stoo zimekauka. Uji haukutosha watoto wote. Kaya iliyoonekana haina usalama wa chakula ingepewa kadi, na mtoto wa kadi angekunywa uji kila siku kwenye zahanati. Kaya iliyoonekana iko salama isingepewa kitu. Nani angeamua? Fomu. Na fomu ilikuwa bado haijaandikwa.

"Sasa," Daktari alisema akigonga ubao, "huwezi kumuuliza mtu kama ana usalama wa chakula."

Hilo halikuhitaji digrii. Miaka ile ukitamka neno usalama mbele ya watu, kwanza wanatazama mlango. Mama yangu kule Turbo angejibu kwamba polisi wako kituoni, waulizwe wao.

Basi tukalivunja lile wazo vipande. Kuwa salama kwa chakula maana yake nini? Daktari alisema ni mambo matatu: chakula kiwepo, watu wa nyumba waweze kukipata, na hali hiyo idumu, isiwe ya leo tu. Kila jambo likavunjwa tena mpaka likawa swali ambalo mama mwenye mtoto mgongoni angeweza kulijibu bila kukaa chini kufikiri. Mnakula mara ngapi kwa siku? Kuna mahindi katika stoo? Kuna moto jikoni saa hizi? Hilo la mwisho hatukuuliza, tulichungulia wenyewe na kuweka alama. Yalikuwa maswali kumi, kila jibu zuri likipata alama moja. Saba kwenda juu, kaya iko salama.

Lilikuwepo sharti moja. Naibu wa chifu wa sehemu tuliyopangiwa alikuja ofisini mwenyewe, kofia mkononi, na kusema kwamba neno njaa lisionekane popote kwenye karatasi zetu.

"Hapa Uasin Gishu ndio ghala ya Kenya," alisema. "Mtu akisema kuna njaa hapa, anasema nini juu ya serikali?"

Daktari alikubali upesi sana. Nilimchukia kwa dakika kama kumi hivi, halafu nikakumbuka kwamba nami sikufungua mdomo.

Tulienda kuijaribu fomu katika nyumba ishirini upande wa Kesses, kwenye mashamba madogo yaliyokatwa kutoka shamba kubwa la zamani. Ili kuokoa petroli, Daktari aliamua kwamba nyumba za majaribio zihesabiwe moja kwa moja na kupewa au kunyimwa kadi kwa fomu hiyo hiyo. Mimi niliuliza maswali. Sista alinifuata nyuma na utepe wake wa rangi tatu, akiufunga kwenye mkono wa juu wa kila mtoto: kijani mzima, manjano amepungua, nyekundu ni wa kupelekwa hospitali Plateau bila kuchelewa. Utepe haukuamua nani apewe kadi. Ulikuwa wa kutuambia kama fomu inasema kweli.

Nyumba ya kumi na nne niliifikia saa saba mchana, mvua imetoka kukatika, viatu vyangu vimebeba kilo mbili za matope kila kimoja. Naibu wa chifu alikuwa nami. Tangu asubuhi alikuwa akiingia nami kila nyumba, akitafuta kiti kizuri na kujibu nusu ya maswali. Mwenye nyumba alikuwa mama wa kama miaka thelathini, mwembamba, kitambaa cha buluu kichwani, na watoto wanne. Mume alikuwa akifanya kibarua mbali.

"Mnakula mara ngapi kwa siku, mama?"

Alimtazama kwanza naibu wa chifu. "Mara tatu."

"Hapa watu wanashiba," naibu wa chifu aliongeza, ili nisisumbuke kufikiri.

Stoo ilifunguliwa. Magunia matatu. Moto jikoni ulikuwa unawaka, moshi unatoka vizuri juu ya paa. Mama alitoka kidogo nyuma ya nyumba, akakawia, akarudi. Tulipomaliza maswali, Sista akiwa ameshapima watoto na kutangulia kwa jirani, mama alileta maji ya kunawa, kisha ugali na mayai mawili ya kukaanga.

Hapa lazima niseme ukweli, maana nimeuzunguka miaka mingi. Nilikuwa sijala kitu tangu chai ya saa kumi na mbili asubuhi. Naibu wa chifu alinawa bila kuulizwa. Kukataa chakula katika nyumba ya watu ni tusi, hilo nilifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma. Watoto walisimama mlangoni, mama akawaambia waende wakacheze. Nilikula yai langu lote na ugali wangu wote, na nilikula kwa raha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaandika alama: tisa kwa kumi.

Alhamisi tulikaa ofisini kulinganisha fomu na utepe. Ijumaa fomu ilitakiwa kwenda kuchapwa kwenye stensili, na ikishachapwa imechapwa. Daktari alisoma alama, Sista alisoma rangi. Nyumba nyingi zilikubaliana kwa namna fulani. Tulipofika kumi na nne, Daktari alisema tisa, na Sista akasema manjano.

"Manjano ya namna gani?"

"Karibu na nyekundu. Yule mdogo."

Daktari alivua miwani. "Umeufunga utepe vibaya. Au mtoto alikuwa na malaria. Nyumba moja isiyolingana na nyingine ni kelele tu za takwimu. Iache."

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kuhusu yale mayai. Sheria ya kutokula haikuwepo, sikuwa nimevunja kitu, lakini nilijua kwamba tisa ile ilikuwa na kasoro na sikujua ni ipi. Nilijipa moyo kwamba labda ni malaria kweli. Mtu mwoga akipewa sababu ya kunyamaza huishika kwa mikono miwili.

Sista hakubishana. Alisukuma mbele yangu fomu ya nyumba ya kumi na tano, ambayo aliijaza yeye mwenyewe mimi nilipokuwa bado mezani kwa jirani. Kulikuwa na swali moja humo, la tisa: je, wiki hii mmempa jirani chakula chochote? Jibu lilikuwa ndiyo, na pembeni, kwa mwandiko wake wa hospitali, Sista aliandika: *Nusu gorogoro ya unga na mayai mawili kwa mama wa nyumba ya 14. Alikuwa na wageni wa serikali.*

Niliisoma mara tatu. Gorogoro ni mkebe wa kupimia unga, kila mtu sokoni anaujua. Nusu yake ingelisha watoto wale wanne siku nzima. Mgeni wa serikali alikuwa mimi. Nilitamani sakafu ile inayotetemeka ifunguke nidondoke katikati ya sukari ya Msomali. Sista alikuwa ameyajua hayo siku tatu na hakunisema. Hata sasa hakuniangalia. Alikuwa akikunja utepe wake taratibu, akiningoja.

Nilifikiria miezi yangu minne ya kazi. Nilimfikiria yule mdogo, ambaye hata jina lake sikuuliza kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya jina.

"Daktari," nilisema, na sauti ikatoka nyembamba, "chakula cha nyumba ile nilikula mimi."

"Ulikula nini?"

"Ugali na yai. Yai la pili alikula naibu wa chifu. Vilikuwa vya kuazima. Moto uliwashwa kwa sababu yetu."

"Na magunia ya stoo?"

Sista ndiye aliyejibu. "Ni ya shemeji yake. Stoo yake inavuja, ameyaweka kwa huyu mama. Hata punje hawezi kugusa."

Daktari alirudisha miwani yake machoni. Nilingoja kufukuzwa. "Kwa hivyo," alisema hatimaye, "nimekulipa uende ukale takwimu zangu."

Hakucheka, lakini alichukua kitambaa na kufuta ubao wote isipokuwa yale maneno matatu ya juu. Nikaanza kumpenda kidogo hapo, ingawa si sana.

Tulianza upya. Shida, Sista alisema, ni kwamba tuliuliza juu ya vitu, na vitu vinaweza kuonyeshwa kwa mgeni. Mwanamke mwenye heshima atawasha moto hata kama sufuriani ni maji matupu, jirani waone moshi. Atasema mara tatu kwa sababu chai ya asubuhi ni mara moja na chai ya jioni ni mara moja. Kwa nini tusiulize anafanya nini kinapopungua? Alihesabu kwa vidole bila kupumua: anaazima unga, anasonga ugali mdogo, anapeleka mtoto akale kwa nyanya yake, anakula mbegu, anachuma mahindi kabla hayajakomaa, anakula mboga bila ugali, anapitisha siku kwa chai, anajinyima yeye ili mtoto ale.

Yakawa maswali manane, moja kwa kila tendo, yote juu ya Jumapili nne zilizopita, kwa kuwa hakuna mama anayehesabu siku thelathini ila Jumapili zake anazijua. Tulikata kila swali lililobeba mambo mawili. "Kuazima au kuomba" tukaacha "kuazima", maana anayeazima hatakubali kwamba ameomba. Majibu yalikuwa matatu: hakuna hata siku moja, alama sifuri, siku moja au mbili, alama moja, siku tatu au zaidi, alama mbili. Sasa alama zilihesabu dhiki badala ya shibe, na nyumba yenye nane au zaidi ilipata kadi. Swali la stoo lilibaki kwa kujifunza tu, bila alama, na likawa: chakula kilicho cha nyumba hii kitatosha wiki ngapi? Tulipoisoma fomu mwanzo hadi mwisho, neno njaa halikuwemo popote, na hatukuwa hata tumejaribu kulikwepa. Naibu wa chifu angeweza kulitafuta kwa tochi.

Daktari aliongeza kanuni mbili za muulizaji. Ya kwanza: mama aulizwe peke yake. Ya pili: usimsaidie kujibu. Unaruhusiwa kuuliza "kuna siku nyingine?" mara moja, kwa sauti ile ile, basi. Ukimkumbusha siku, hiyo siku ni yako, si yake.

Ya tatu ilitoka kwa Sista, na ilikuwa kwangu. "Ukifika tu, omba maji. Ukishapokea kitu, hujakataa nyumba. Halafu hata akileta chakula, sema umeshapokea."

Petroli ilitafutwa. Siku kumi baada ya ile safari ya kwanza tulirudi Kesses, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Niliogopa kwamba mama atanikataa mlangoni. Niliogopa zaidi kwamba atanikaribisha.

Alinikaribisha. Naibu wa chifu alikuja pia, lakini Sista alimwambia uso wake ni wa mtu mgonjwa, akamkalisha kwenye kigoda nje na kumpima shinikizo la damu mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena. Mimi nikaingia jikoni na mama peke yake. Niliomba maji. Alinipa kwenye glasi, labda glasi yao pekee. Yule mdogo alikuwa amelala mgongoni kwake, kichwa kimeegemea upande.

Tulianza. Kuazima unga: siku tatu au zaidi. Kusonga ugali mdogo: siku tatu au zaidi. Kupeleka mtoto kwa nyanya: hapana, nyanya yao alishafariki. Mbegu: hapana, zilikuwa zimeshapandwa zote. Mahindi mabichi: siku moja. Mboga bila ugali: siku mbili. Kupitisha siku kwa chai: hapana, alijibu upesi, na sikuamini, lakini niliandika alivyosema.

Nilikuwa na tabia mbaya ya kujumlisha kichwani huku nikiuliza. Mbili, na mbili, ni nne. Moja, na moja. Sita. Limebaki swali moja, la nane. Likipata moja ni saba, hakuna kadi. Likipata mbili ni nane.

"Mama, tangu Jumapili nne zilizopita, kuna siku mtu mzima au mtoto mkubwa wa hapa alikosa chakula chake ndio mwingine apate?"

Alirekebisha kitambaa kichwani. "Ziko siku mbili."

Mbili. Niliijua siku ya tatu. Niliijua saa yake, niliujua utamu wake, nilikuwa nimeilamba vidoleni. Ulimi wangu ulijaa hilo neno. Kulisema kungekuwa kumlisha jibu, na kutolisema kungekuwa kumla mara ya pili. Kalamu ilianza kuteleza mkononi kwa jasho. Nje nilimsikia Sista akisema, "Usiongee, unapandisha damu."

Niliuliza kile kilichoruhusiwa, kwa sauti ile ile. "Kuna siku nyingine?"

Aliinama akasukuma kuni ndani, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Mimi nilitazama karatasi, kwa sababu niliogopa macho yangu yangemjibia.

"Iko moja," alisema mwishowe. "Lakini hiyo si ya kuhesabu."

"Kwa nini, mama?"

"Ni ile siku ulikuja." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. "Ulikuwa mgeni. Mgeni haandikwi."

"Nani hakula?"

"Mimi. Na huyu wangu mkubwa. Wadogo walilamba sufuria."

Niliandika siku tatu, alama mbili. Kalamu iliteleza, tatu ile ikaonekana kama nane, nikaikata na kuiandika upya, na pembeni nikatia sahihi yangu kama kanuni ya kusahihisha ilivyotaka. Mama alikuwa akiitazama glasi, ambayo sikuwa nimeigusa. Niliichukua nikanywa maji yote, mpaka tone la mwisho, naye akaonekana kuridhika.